Mkato wa alama 60: njia tatu za kuamua wanafunzi gani walinganishwe

Mfuko wa ufadhili unaogawa nafasi kwa mtihani hujikuta umetengeneza kipimo cha kazi yake wenyewe. Tuseme mtihani unatolewa mwishoni mwa kidato cha pili kwa shule za kata za Newala, Tandahimba na Masasi, na mkato ni alama 60 kwa 100. Aliyepata 60 analipiwa hosteli kidato cha tatu na cha nne. Aliyepata 59 anaendelea kupanga geto karibu na shule, anajipikia, na msimu wa korosho ukifika anaitwa nyumbani kuokota. Kwa uwezo wa darasani watoto hawa wawili wanalingana. Miaka miwili baadaye, matokeo ya moko yakionekana kuruka ghafla pale penye 60, mruko huo tunaweza kuuhesabu kuwa ni wa hosteli.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1960 Donald Thistlethwaite na Donald Campbell walilitumia huko Marekani kwa wanafunzi waliopewa cheti cha sifa baada ya kuvuka alama fulani kwenye shindano la kitaifa la ufadhili. Leo linajulikana kama regresheni ya mkato, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kompyuta ya mezani.

Panapokwamisha watu ni swali moja: walio "karibu na mkato" ni walio karibu kiasi gani? Ni wa 59 na 60 peke yao? Ni wa kuanzia 50 hadi 70? Au ni wote waliofanya mtihani? Upana wa dirisha unalolifungua ndio unaoamua jibu utakalopata, na watu wawili wenye daftari moja la alama wanaweza kutoka na majibu tofauti kabisa. Hapa nalinganisha njia tatu za kuuchagua upana huo: kutumia alama zote, kuiachia hesabu ichague, na kubaki na dirisha jembamba sana.

Mfano nitakaoutumia nimeutunga, kwa makusudi, ili jibu la kweli lijulikane tangu mwanzo. Wanafunzi 2,400 wamefanya mtihani, na jirani na mkato kuna wanafunzi 40 kwa kila alama. Hosteli inaongeza alama 4 kwenye wastani wa moko wa kidato cha nne. Mwanafunzi wa 60 bila hosteli angepata wastani wa 44 na kwa hosteli anapata 48. Jirani na mkato, kila alama moja zaidi kwenye mtihani wa ufadhili inakwenda na alama 0.4 zaidi kwenye moko. Mbali na mkato mstari haunyooki tena: chini kabisa unalala, kwa sababu hata aliyepata 15 hapati sifuri kwenye moko, na juu kabisa nako unalala kwa sababu waliofika juu hawana nafasi kubwa ya kupanda.

Vigezo vya kulinganishia

Nitaziuliza njia zote tatu maswali manne yale yale. Inakutaka uamini nini kuhusu wanafunzi? Inabakisha wanafunzi wangapi, na jibu lake linayumba kiasi gani? Inafanyaje kama kuna alama zilizosukumwa? Na je, unaweza kuieleza mbele ya kamati ya elimu ya halmashauri bila kupoteza watu?

Kabla ya kufungua dirisha lolote

Kuna masharti ambayo hakuna upana unaoweza kuyaponya, na ni lazima yaangaliwe kwanza.

Sharti kubwa ni kwamba, kama ufadhili usingekuwepo, matokeo ya wanafunzi yangepita kwenye 60 bila kuruka. Hii haimaanishi kwamba wa 59 na wa 60 wawe sawasawa, ila tofauti yao iwe ndogo na ya taratibu kama ilivyo kati ya 58 na 59. Sharti hili huvunjika kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza, 60 hiyo hiyo inatumika kwa jambo jingine. Kama shule inawapeleka waliopata 60 kwenye mkondo wa sayansi, au inawaingiza kwenye kambi ya masomo ya jioni, basi mruko utakaouona ni wa hosteli na kambi kwa pamoja, na huna namna ya kuvitenganisha. Ukizungumza na mwalimu wa taaluma kwa nusu saa utayajua haya kuliko utakavyoyajua kwa hesabu yoyote.

Njia ya pili ni msahihishaji anayejua mkato. Mwalimu anakuta mtoto ana 59, anamfahamu, anaona bidii yake, anarudi kwenye swali la insha na kumwongezea moja. Ni huruma, na mimi simlaumu mtu kwa hilo. Lakini aliyesukumwa si mtoto yeyote. Ni yule ambaye mtu mzima amemwona na kumpigania, na mtoto wa namna hiyo huenda angefanya vizuri hata bila hosteli. Hapo upande wa 60 umepata watoto wa pekee na upande wa 59 umepungukiwa nao.

Dalili yake unaiona kwa kuhesabu vichwa. Chukua orodha na uandike wanafunzi wangapi wamepata kila alama. Ukikuta 57 wako 41, 58 wako 39, 59 wako 14, 60 wako 66 na 61 wako 40, huhitaji mtaalamu akuambie kilichotokea: watu kama 25 wamehama kutoka 59 kwenda 60. Pale ambapo shimo na kilima havionekani wazi namna hii kuna kipimo cha msongamano, ambacho Justin McCrary alikichapisha mwaka 2008 na ambacho toleo lake jipya zaidi, lililotengenezwa na wengine, siku hizi hupatikana katika kifurushi cha `rddensity` cha programu ya takwimu ya R. Kipimo kinauliza kama idadi ya wanafunzi inaruka ghafla kwenye mkato. Uwe mwangalifu lakini: alama zinazoishia na sifuri hupendwa na wasahihishaji hata pasipo na ufadhili wowote. Angalia basi 50 na 70. Kama nazo zina kilima kama cha 60, tatizo ni tabia ya kuzungusha alama, na si mkato. Alama zilizozungushwa nazo zinahitaji uangalifu, ila ni jambo tofauti.

Tumia alama za usahihishaji wa kwanza, zile za kabla ya rufaa na kabla ya kurudia mtihani. Karatasi hizo mara nyingi zipo kwenye bahasha ofisini, na zina thamani kuliko orodha safi iliyopigwa chapa baadaye.

Jambo la mwisho ni waliopotea. Matokeo ya moko unayo kwa waliofika kidato cha nne tu. Kama waliokosa hosteli wameacha shule kwa wingi, wa 59 uliobaki nao ni wale wavumilivu, na ufadhili utaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Kabla ya kuchora matokeo, chora kwanza asilimia ya waliofanya moko kwa kila alama. Ikiruka kwenye 60, mruko huo wenyewe ni matokeo ya ufadhili na unastahili kuripotiwa wa kwanza.

Kwa nini upana hubadili jibu

Chukua njia ya kienyeji kabisa: wastani wa walio juu ya mkato toa wastani wa walio chini. Kwa dirisha la alama mbili kila upande, yaani 58 na 59 dhidi ya 60 na 61, wastani wa chini katika mfano wetu ni 43.4 na wa juu ni 48.2. Tofauti ni 4.8. Panua hadi alama tano kila upande na inakuwa 42.8 dhidi ya 48.8, tofauti 6.0. Panua hadi kumi na unapata 8.0, mara mbili ya ukweli.

Hosteli haijabadilika. Kilichotokea ni kwamba kila ukipanua dirisha kwa alama moja, makundi yako mawili yanaachana kwa alama moja zaidi ya uwezo, na kila alama inaleta 0.4. Ndiyo maana hatulinganishi wastani mtupu isipokuwa kwenye dirisha jembamba sana. Badala yake tunapitisha mstari upande wa kushoto na mwingine wa kulia, kisha tunaangalia mistari hiyo inafika wapi pale kwenye 60. Pengo kati ya ncha mbili ndilo jibu.

Mstari unaondoa kosa hilo la mteremko. Kosa linalobaki ni la kupinda: kama wanafunzi halisi wamejipanga kwenye mkunjo na wewe umewapitishia mstari ulionyooka, ncha yake itakosea. Kadiri dirisha linavyopanuka ndivyo mkunjo unavyozidi kuingia. Kadiri linavyobanwa ndivyo wanafunzi wanavyopungua na jibu linavyoyumba kwa bahati tu. Njia zote tatu zinahangaika na mvutano huu.

Njia ya kwanza: alama zote

Hapa wanafunzi wote 2,400 wanaingia, wenye 12 na wenye 95, na kila upande unapata mstari wake.

*Inakutaka uamini* kwamba uhusiano wa alama za ufadhili na moko umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila upande. Katika mfano wetu si kweli. Wa chini kabisa wanauinua mkia wa mstari wa kushoto, na mkia ukiinuka ncha ya upande wa 60 inashuka chini ya 44. Upande wa kulia wa juu kabisa wanaushusha mkia, na ncha inapanda juu ya 48. Makosa mawili yanaelekea upande mmoja, na jibu linatoka 6.1.

*Wanafunzi na kuyumba:* hapa ndipo penye nguvu yake. Kwa kuwa wote wamo, masafa ya uhakika wa asilimia 95 ni membamba, 4.5 hadi 7.7. Lakini soma tena masafa hayo: ukweli, alama 4, haumo ndani. Jibu limetulia mahali pasipo sahihi, na wingi wa wanafunzi hauwezi kulisogeza. Ukiongeza wengine elfu kumi litazidi kutulia pale pale.

Wengi wakiona hivyo huupinda mstari: wanaweka kipeo cha tatu, cha nne, hata cha tano. Andrew Gelman na Guido Imbens waliandika mwaka 2019 wakieleza kwa nini isifanywe. Mkunjo wa kipeo kikubwa humpa mwanafunzi aliye mbali kabisa na mkato uzito mkubwa, na jibu hubadilika ovyo ukihama kutoka kipeo kimoja hadi kingine. Mtoto wa alama 12 hana la kutuambia kuhusu wa 59 na 60, na hapaswi kulivuta jibu.

*Alama zilizosukumwa* humezwa na umati, kwa hiyo haziharibu sana namba ya mwisho. Zinabaki humo tu, hazijaponywa.

*Kueleza:* ni rahisi, maana hakuna aliyeachwa na hakuna wa kuuliza kwa nini mtoto wake hayumo.

Inamfaa mwenye wanafunzi wachache, tuseme 150 wa tarafa moja, ambako kubana dirisha kungebakisha watu kumi na wawili. Awe amechora wastani kwa kila alama tano na kuona kwa macho kwamba nukta zimejipanga kwenye mstari. Inamfaa pia yeyote kama picha ya kwanza, kabla ya hesabu yoyote.

Njia ya pili: upana unaochaguliwa na hesabu

Hapa unaiambia kompyuta ipime vitu viwili: nukta zimepinda kiasi gani jirani na mkato, na zimetawanyika kiasi gani. Kosa la kupinda, ukilizidisha kwa lenyewe, hukua upesi dirisha linapopanuka. Mtawanyiko hupungua. Kompyuta inatafuta upana ambao jumla ya hivyo viwili ni ndogo kuliko zote. Guido Imbens na Karthik Kalyanaraman walitoa kanuni ya namna hii mwaka 2012. Mwaka 2014 Sebastian Calonico, Matias Cattaneo na Rocío Titiunik waliiendeleza, na kazi yao ndiyo iliyo ndani ya kifurushi cha `rdrobust`:

```r
library(rdrobust)
library(rddensity)
summary(rddensity(d$alama, c = 60))
summary(rdrobust(d$moko, d$alama, c = 60,
                 bwselect = "mserd", all = TRUE))
```

Usipobadilisha kitu, inapitisha mstari ulionyooka kila upande na kutumia uzito wa pembetatu: mwanafunzi wa 60 anahesabiwa kamili, na uzito unapungua taratibu hadi sifuri kwenye ukingo wa dirisha. Tuseme kwenye mfano wetu imechagua upana wa alama 12, kutoka 48 hadi 72, na jibu ni 4.2.

*Inakutaka uamini* kwamba ndani ya dirisha hilo mkunjo ni mpole na haukatiki. Ni dai dogo kuliko la njia ya kwanza, na unaweza kulikagua kwa kuchora.

*Wanafunzi na kuyumba:* wanabaki 480 hivi kila upande. Kompyuta itakuonyesha mistari mitatu ya majibu, na hapa watu wengi huchukua usiostahili. Mstari wa kawaida unasema 4.2 na masafa ya 1.4 hadi 7.0. Masafa hayo yanajifanya kwamba kosa la kupinda ni sifuri. Lakini upana huu ulichaguliwa kwa kulikubali kosa dogo ili kupunguza kuyumba, kwa hiyo kosa lipo, na linakaribiana kwa ukubwa na kosa sanifu, yaani kipimo cha kuyumba kwa jibu. Mstari ulioandikwa `Robust` unalikadiria kosa hilo, unalitoa, kisha unayapanua masafa kwa sababu makadirio nayo yanayumba. Kwenye mfano wetu yanakuwa 0.6 hadi 7.4. Ripoti 4.2 kama jibu na masafa haya mapana kama uhakika wake. Unapoteza kidogo cha kujisifia na unabaki na kitu unachoweza kukitetea.

Usitarajie pia kwamba wanafunzi wakiongezeka dirisha litabanwa sana. Upana huu hupungua polepole mno: ili hesabu ichague nusu ya upana, unahitaji wanafunzi mara 32.

*Alama zilizosukumwa* ni tatizo hapa kuliko zinavyoonekana. Watoto 25 kati ya 500 waliomo upande wa juu ni asilimia 5, ungedhani ni kidogo. Lakini wote wako kwenye 60, mahali penye uzito mkubwa kuliko popote, na ncha ya mstari ndiyo tunayoisoma. Jaribu kuwatoa wa 59 na 60 wote, kisha rudia hesabu. Ukifanya hivyo mistari inalazimika kurefushwa hadi kwenye mkato bila nukta za karibu, na masafa yatapanuka. Jibu likibaki jirani na la mwanzo, una moyo wa kuendelea. Likishuka kutoka 4.2 hadi 1, walikuwa ni wale 25.

*Kueleza:* hapa pagumu kidogo. Diwani atauliza, na ana haki: "Mwalimu, watoto elfu mbili na mia nne wamefanya mtihani, mbona umewahesabu mia tisa na kitu?" Jibu lililonyooka ni kwamba tunataka kujua hosteli ilimfanyia nini mtoto aliyekuwa mlangoni, na aliyepata 20 hakuwa mlangoni. Halafu muonyeshe majibu ya upana wa nusu na wa mara mbili pia, yaani 6 na 24, ili aone kwamba 12 haikuchaguliwa kwa sababu inapendeza.

Inamfaa mwenye mamia ya wanafunzi karibu na mkato, alama zenye ngazi nyingi, na ripoti itakayosomwa na watu watakaoibishia. Ukiuchagua upana kwa kanuni hii, tena ukaandika kabla ya kuona matokeo kwamba utaitumia, hakuna atakayesema ulizungusha dirisha mpaka namba ikakupendeza.

Njia ya tatu: dirisha jembamba, kama bahati nasibu

Hapa hupitishi mstari wowote. Unasema: kati ya 58 na 61 tofauti ya alama ni swali moja lililobahatishwa, homa ya asubuhi, kalamu iliyoisha wino. Basi chukulia kwamba nani amevuka ni bahati nasibu, na linganisha wastani moja kwa moja kama kwenye jaribio. Cattaneo, Brigham Frandsen na Titiunik waliiwekea taratibu mwaka 2015, na kifurushi chake ni `rdlocrand`:

```r
library(rdlocrand)
d$x <- d$alama - 60
rdwinselect(d$x, cbind(d$umri, d$darasa7))
rdrandinf(d$moko, d$x, wl = -2, wr = 1)
```

Upana nao una utaratibu. Unachukua mambo yaliyokuwepo kabla ya mtihani, kwa mfano umri na alama za darasa la saba, unaanza na dirisha dogo kabisa na kulipanua hatua kwa hatua. Kila hatua unapima kama pande mbili zinafanana kwa mambo hayo. Zikianza kutofautiana, unasimama na kurudi kwenye dirisha la mwisho lililokuwa na usawa. Kifurushi hukaza kipimo hiki kuliko ilivyozoeleka: thamani ya p ikishuka chini ya 0.15 dirisha linakataliwa, badala ya kungoja 0.05. Hapa kosa la kuhofia ni kulikubali dirisha lisilo sawa, kwa hiyo ukali huo ni mahali pake.

*Inakutaka uamini* dai zito kuliko njia zote: kwamba ndani ya dirisha alama yenyewe haihusiani na matokeo. Katika mfano wetu inahusiana, kwa 0.4, ndiyo maana jibu ni 4.8 badala ya 4. Kosa la 0.8 kwa dirisha la alama mbili linavumilika. Kwa dirisha la tano lingekuwa 2.0, nusu ya athari nzima.

*Wanafunzi na kuyumba:* 80 kila upande, masafa ya 1.7 hadi 7.9. Si mabaya, kwa kuwa hatujatumia nguvu yoyote kukadiria mteremko. Ukiwa na wanafunzi 8 kwa kila alama badala ya 40, masafa hayo yangetanuka zaidi ya mara mbili na kuivuka sifuri.

*Alama zilizosukumwa* zinaiua njia hii. Kwenye orodha yetu ya mfano, upande wa juu una watoto 106 na 25 kati yao wamesukumwa, karibu robo. Hakuna tena bahati nasibu. Kuwatoa wa 59 na 60 kunakuachia 58 dhidi ya 61, na ulikusudia kulinganisha walio jirani.

*Kueleza:* hakuna njia inayoeleweka upesi kama hii. "Hawa walipata 58 na 59, hawa 60 na 61." Kamati nzima inaelewa, na mara moja wataanza kukuambia wanayoyajua kuhusu usahihishaji, jambo ambalo ni faida.

Inamfaa mwenye mtihani uliosahihishwa na watu wasiojua mkato, au kwa mashine, na wenye wanafunzi wengi kwa kila alama. Inamfaa zaidi mwenye alama chache zilizo mbalimbali, kama nitakavyoeleza chini.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Alama zote | Upana wa hesabu | Dirisha jembamba |
|---|---|---|---|
| Wanafunzi (mfano) | 2,400 | kama 960 | 160 |
| Jibu (ukweli ni 4) | 6.1 | 4.2 | 4.8 |
| Masafa ya asilimia 95 | 4.5–7.7 | 0.6–7.4 | 1.7–7.9 |
| Dai la msingi | mstari umenyooka kote | mkunjo mpole jirani na 60 | bahati nasibu ndani ya dirisha |
| Alama zilizosukumwa | zinafichika | zinavuta ncha | zinavunja njia |

Namba hizi ni za mfano huu. Kama mstari wa kweli ungenyooka kote, safu ya kwanza ingekuwa bora kuliko zote, na mtu aliyeitumia angekuwa na haki.

Kwa njia zote tatu kuna hatua moja ya nyongeza: si kila aliyevuka 60 alikwenda hosteli, na wachache wa chini huingia kwa nafasi zilizoachwa wazi. Tuseme walio hosteli ni asilimia 5 chini kidogo ya mkato na asilimia 85 juu yake. Mruko wa kwenda hosteli ni 0.8. Mruko wa moko wa alama 4 ugawe kwa 0.8 na unapata alama 5, ambayo ni athari kwa wale walioingia hosteli kwa sababu ya kuvuka mkato. Kwenye `rdrobust` unaongeza `fuzzy = d$hosteli`. Mruko wa kwenda hosteli ukiwa mdogo, tuseme 0.1, usigawe kabisa. Ripoti mruko wa moko peke yake, kwa kuwa kugawa kwa namba ndogo inayoyumba hutoa jibu lisiloshikika.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una wanafunzi mia chache au zaidi ndani ya alama kumi za mkato, alama za 0 hadi 100 zisizo na shimo kwenye 59: anza na upana wa hesabu, na uweke dirisha jembamba pembeni kama ukaguzi. Zikikubaliana kama 4.2 na 4.8 zilivyokubaliana, ripoti zote mbili.

Una wanafunzi wa tarafa moja tu: tumia upana mkubwa na mstari ulionyooka, weka picha ya nukta kwenye ukurasa wa kwanza, na usipinde mstari. Kama mfuko unaendelea, unganisha miaka miwili au mitatu kwa kupima kila mtoto umbali wake kutoka mkato wa mwaka wake.

Orodha ina shimo na kilima: tafuta alama za usahihishaji wa kwanza. Zikipatikana, tumia hizo kama kipimo cha nani alistahili, na waliosukumwa uwahesabu kama watu wa chini walioingia, kwa hatua ile ya kugawa. Zisipopatikana, jaribu kuwatoa wa 59 na 60 katika njia ya pili, na dirisha jembamba liache.

Mtihani una maswali ishirini ya alama tano tano, kwa hiyo alama zote ni 50, 55, 60, 65: hapa upana wa hesabu unakosa msingi wake. Dirisha la alama 12 lina ngazi mbili au tatu tu kila upande, na kompyuta haiwezi kuona mkunjo kwa nukta mbili. Zamani ilishauriwa kukusanya kosa sanifu kwa kila ngazi ya alama. Michal Kolesár na Christoph Rothe walionyesha mwaka 2018 kwamba ushauri huo hauponyi tatizo, na unaweza hata kuyafanya masafa yawe membamba kuliko inavyostahili. Linganisha 55 na 60 kwa njia ya tatu, ukijua kwamba pengo la alama tano linabeba mteremko ndani yake. Kadiria mteremko huo kutoka kwa walio chini tu, kati ya 45 na 55, ambako hakuna aliyelipiwa, na uutoe. Kama tofauti ya wastani ni 6.0 na mteremko wa huko chini ni 0.4 kwa alama, kinachobaki kwa hosteli ni 4. Na kwa mtihani wa mwaka ujao, omba maswali yenye alama mojamoja.